Kadi ya kliniki inapovuka mpaka: jinsi ya kuitafsiri bila kumpotezea mtoto dozi

Mama mmoja wa Uyole alinijia na kadi ya mwanawe wa miaka mitatu, imekunjwa mara nne ndani ya khanga. Mume wake amepata nafasi ya masomo Marekani na familia nzima inamfuata. Pamoja na kadi alikuwa na karatasi ya tafsiri aliyokwisha kulipia mahali pengine hapa Mbeya. Ilikuwa imechapwa vizuri na ina mhuri. Nilipoiweka kando ya kadi na kusoma mstari kwa mstari, nikakuta chanjo moja imegeuzwa kuwa nyingine, tarehe zimeachwa kama zilivyo, na dozi moja haipo kabisa.

Nilifanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kutafsiri nyaraka, kwa hiyo kadi hizi nazijua kutoka pande zote mbili. Nitaeleza namna ninavyoitafsiri kadi moja tangu mwanzo hadi mwisho, nikitumia kadi ya mtoto huyu. Jambo kubwa ni hili: usiibadilishe chanjo ya hapa iwe ile unayodhani inalingana nayo kule. Nesi atakayempokea mtoto atahesabu upya kila dozi kwa kuangalia chanjo yenyewe ina nini ndani, ilitolewa tarehe ngapi, na siku hiyo mtoto alikuwa na umri gani. Ukimpa hayo matatu sawasawa, kazi yako imekwisha. Ukimfanyia hesabu yeye, utamharibia.

Hatua ya kwanza: soma kadi yote, hata ukingoni

Ifungue kadi kwenye mwanga wa dirisha, siyo chini ya taa ya njano. Wino wa bluu uliofifia huonekana vizuri zaidi mchana. Piga picha pande zote kabla hujaandika neno, kisha kuza picha kwenye simu na usome kila kona.

Kadi ya mtoto ya Tanzania, ile inayoitwa RCH 1 au kadi namba moja, ina jedwali la chanjo, na watafsiri wengi huishia humo. Kwenye kadi hii, nje ya jedwali, pembeni kabisa karibu na mkunjo, kulikuwa na maandishi madogo ya kalamu: "MR kampeni 16/02/24". Nilimuuliza mama yake.

"Dada, hiyo siyo ya kliniki," akanijibu. "Ni ile ya kampeni tu, walipita mtaani."

Hiyo "ya kampeni tu" ndiyo iliyokuja kuwa dozi yenye thamani kuliko nyingine kwenye kadi nzima, na sababu yake nitaieleza mbele. Februari 2024 kulikuwa na kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua na rubella kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka mitano. Watoto wengi walichanjwa bila kuandikiwa kwenye kadi. Huyu alibahatika kukutana na mhudumu aliyeandika.

Kuna kampeni nyingine ambayo watu wa nyanda za juu kusini wanaikumbuka. Februari 2022 Malawi ilitangaza mlipuko wa polio, na mwezi uliofuata watoto wa mikoa inayopakana nayo, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, walidondoshewa matone nyumba kwa nyumba na kupakwa wino kidoleni. Kama mtoto wako mkubwa alipata matone hayo na hayakuandikwa popote, usiyaongeze kwenye tafsiri. Kisichoandikwa kwenye kadi hakitafsiriwi.

Hatua ya pili: tenganisha siku aliyochanjwa na siku aliyoambiwa arudi

Kwenye kadi nyingi nesi huandika tarehe ya kurudi kwa penseli, au kwenye safu yake. Mtoto asipopelekwa siku hiyo, tarehe hubaki pale kana kwamba alichanjwa. Nimewahi kuona tafsiri yenye dozi tatu za chanjo ya Penta ilhali kadi ina mbili tu na ahadi ya dozi ya tatu. Angalia kama kuna saini, namba ya toleo la dawa au mhuri karibu na tarehe. Angalia pia kama wino ni ule ule wa chanjo nyingine za siku hiyo. Wiki ya 10, kwa mfano, matone ya polio, Penta, PCV na Rota hutolewa kwa pamoja, kwa hiyo tarehe inayosimama peke yake kwenye mstari mmoja, wakati mistari mingine ya wiki hiyo iko tupu, inahitaji kuulizwa.

Hatua ya tatu: andika mwezi kwa jina

Hapa ndipo tafsiri ya kwanza ilipokuwa hatari bila mtu kuona. Mtoto alizaliwa tarehe 20/01/2023. Dozi zake za kwanza, za pili na za tatu ziliandikwa 07/03/2023, 04/04/2023 na 02/05/2023, na mtafsiri akazinakili hivyo hivyo. Mmarekani huanza na mwezi. Kwake yeye dozi ya kwanza ni ya Julai tarehe 3, ya pili ni ya Aprili tarehe 4, na ya tatu ni ya Februari tarehe 5, mtoto akiwa na siku 16 tu. Dozi zimegeuka kinyumenyume. Nesi makini atashtuka na kuuliza. Asiye makini, au mfumo wa kompyuta unaokataa dozi iliyotolewa kabla ya wiki 6, atazifuta hizo za tatu.

Kwa hiyo mwezi uandikwe kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne, kila mahali, hata pale ambapo tarehe haina utata kama 24/10/2023. Ukichanganya mitindo miwili kwenye karatasi moja, msomaji hajui aufuate upi.

Hatua ya nne: jina la chanjo lilivyo, kisha kilichomo

Hii ndiyo hatua ya kutulia. Kwa kila mstari andika kifupisho kilichochapwa kwenye kadi, ongeza namba ya dozi, kisha utaje magonjwa inayokinga. Usibadilishe kifupisho hata herufi moja.

Kosa la kwanza la tafsiri ile lilikuwa kuandika MMR mahali ambapo kadi ina MR. Mtafsiri alijua kwamba kule watoto hupewa MMR, akaona anamsaidia mama. Lakini MR ni surua na rubella. MMR ina surua, rubella na matumbwitumbwi. Kwa herufi moja, mtoto ambaye hajawahi kukingwa dhidi ya matumbwitumbwi anaandikwa kwamba amekingwa mara mbili, na huenda asipewe dozi zote anazohitaji za chanjo hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hili hili nilipokuwa mgeni katika kazi hii, na sikuligundua hadi familia ilipokwisha kuondoka. Bado linaniuma, na ndiyo sababu naanza kukagua mstari huu kabla ya mwingine wowote.

Polio ina mtego wake. Kadi ina OPV 0 hadi OPV 3, ambayo ni matone ya mdomoni, na ina IPV, ambayo ni sindano. Mtafsiri akijumlisha na kuandika "polio, dozi tano", amefuta jambo ambalo nesi wa kule analitafuta. Aprili 2016 dunia nzima iliacha matone yenye aina tatu za kirusi cha polio ikahamia kwenye yenye aina mbili, ya kwanza na ya tatu. Kwa sababu hiyo Marekani haihesabu matone yaliyotolewa kuanzia tarehe 1 Aprili 2016. Sindano ya IPV inahesabiwa, kwa kuwa ina aina zote tatu. Matone yapate mistari yake, na sindano mstari wake.

Neno "matone" lenyewe lina mtego mwingine. Mtoto hupewa pia matone ya vitamini A kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi sita, na yapo kwenye kadi hiyo hiyo. Vitamini A si chanjo. Itafsiri, lakini chini ya kichwa chake, pamoja na dawa za minyoo.

Halafu kuna Penta. Ndani yake mna dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na bakteria anayefupishwa Hib. Kina mama huelezwa kliniki kwamba Penta inazuia "homa ya uti wa mgongo na kichomi", na ni kweli, kwa ile inayoletwa na Hib. Lakini ukiandika kwenye tafsiri kwamba mtoto amechanjwa homa ya uti wa mgongo, msomaji wa kule atafikiria chanjo nyingine kabisa, ya bakteria wa meningokoka, ambayo mtoto hajapewa. Andika Hib kama Hib. PCV, chanjo ya bakteria wa pneumokoka, nayo ibaki PCV na namba iliyoifuata, usiiite chanjo ya nimonia peke yake, maana Hib pia huleta nimonia.

Mistari ikikamilika huonekana hivi kwenye karatasi ya Kiingereza:

```
BCG, tuberculosis: 21 January 2023
OPV 1, oral polio drops: 7 March 2023
IPV, injected polio vaccine: 2 May 2023
MR 1, measles and rubella: 24 October 2023
MR, campaign dose, handwritten in margin: 16 February 2024
MR 2, measles and rubella: 23 July 2024
```

Fuata mpangilio wa kadi, mstari wa kadi dhidi ya mstari wa tafsiri, ili mtu asiyejua Kiswahili aweze kuweka vidole viwili na kulinganisha. Mihuri nayo hutafsiriwa: andika kwamba kuna mhuri wa mviringo, una maneno gani, na uko wapi.

Hatua ya tano: pasiposomeka

Usikisie. Andika kwamba hapasomeki, na kama sehemu inasomeka, toa ile inayosomeka tu. Kisha mpeleke mzazi kwenye kliniki alikochanjwa mtoto. Kila kituo kina rejesta ya watoto, kitabu namba 7 cha MTUHA, na tarehe za chanjo zimo. Atahitaji jina kamili la mtoto, la mama, mwezi wa kuzaliwa, na namba ya mtoto iliyoandikwa juu ya kadi. Aombe ajaziwe kadi upya na nesi, kwa saini na mhuri. Mzazi asiijaze mwenyewe kwa kukumbuka, hata kama anakumbuka vizuri. Marekani dozi isiyo na tarehe iliyoandikwa haihesabiwi, na kadi iliyoguswa na kalamu ya nyumbani inatia shaka hata kwenye dozi zilizo sahihi.

Kuhusu kadi iliyochakaa, naomba isipelekwe kufanyiwa leminesheni. Ikishafungwa hivyo hakuna anayeweza kuongeza dozi, na mhuri uliofifia hupotea kabisa chini ya mng'ao. Mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga unatosha.

Hatua ya sita: tamko la mtafsiri

Mwishoni andika kwa lugha ya kule kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba unazimudu lugha zote mbili. Weka jina, saini, tarehe na namna ya kukupata. Kwa nyaraka zinazokwenda uhamiaji wa Marekani tamko hili ni sharti. Ofisi nyingine huomba ithibati ya BAKITA, kwa hiyo mzazi aulize kabla ya kulipia mara mbili. Picha ya kadi ya asili iambatane na tafsiri daima.

Kadi hii itahesabiwaje kule

Hii si kazi ya mtafsiri, lakini namweleza mzazi kwa mdomo, kwa sababu asipojua atadhani mtoto wake anaonewa au kadi yetu inadharauliwa. Kadi ya Mbeya haina upungufu. Ratiba zimepangwa kwa mazingira tofauti.

Chukua surua. Hapa dozi ya kwanza hutolewa miezi 9, kwa sababu ugonjwa huweza kumpata mtoto mapema na kusubiri ni hatari. Lakini katika umri huo mtoto anaweza kuwa bado ana kinga aliyorithi kwa mama, na kinga hiyo huzuia chanjo isishike sawasawa kwa baadhi ya watoto. Ndiyo maana tunarudia miezi 18. Marekani husubiri mwaka mmoja, na dozi yoyote ya surua iliyotolewa kabla ya miezi 12 haiingii kwenye hesabu zao. Kwa hiyo MR ya 24 Oktoba 2023, mtoto akiwa na miezi 9, inawekwa kando. MR ya 23 Julai 2024 inahesabiwa.

Sasa rudi ukingoni mwa kadi. Tarehe 16 Februari 2024 mtoto alikuwa amepita mwaka mmoja kwa karibu wiki nne. Dozi hiyo ya kampeni inahesabiwa, na kati yake na ile ya Julai kuna zaidi ya siku 28 zinazotakiwa. Kwa surua, mtoto ana dozi mbili kamili, na zote zinakubalika. Tafsiri ya kwanza iliiacha kwa kuwa haikuwa ndani ya jedwali. Atahitaji bado MMR kwa ajili ya matumbwitumbwi, lakini hata akicheleweshewa, mlipuko wa surua ukitokea shuleni jina lake halitakuwa kwenye orodha ya wasiokingwa.

Penta tatu za wiki ya 6, 10 na 14 zinahesabiwa kwa dondakoo, pepopunda na kifaduro, kisha ataongezewa dozi za kukumbushia ambazo ratiba yetu haina. Homa ya ini inashangaza wazazi wengi: wana dozi tatu kwenye kadi, wanaambiwa bado moja. Kanuni ya kule ni kwamba dozi ya mwisho isitolewe kabla ya wiki 24 za umri, na ya mtoto wetu ilitolewa akiwa na wiki 14 na siku nne. Hib na PCV ataongezewa dozi moja moja, kwa sababu zote alizipata kabla ya kutimiza mwaka. Polio ana IPV moja inayohesabiwa, ataendelea kutoka hapo. Tetekuwanga na, akipewa, homa ya ini aina ya A zitaanzia mwanzo kabisa, kwa kuwa hazimo kwenye kadi. Masharti ya shule hupangwa na kila jimbo, kwa hiyo orodha ya mwisho mzazi ataipata kule.

BCG kule haitolewi kwa watoto wote, lakini usiiache. Kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi ya mkono kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu. Daktari akiona tarehe ya BCG kwenye karatasi na kovu begani, ataweza kuchagua kipimo cha damu ambacho hakidanganywi nayo.

Familia inayorudi Mbeya

Kazi ni ile ile, ila macho yanatafuta vitu vingine. Mtoto aliyezaliwa Ujerumani, kwa mfano, huja na kijitabu kisicho na BCG, kwa kuwa nchi ile iliacha kuipendekeza tangu 1998. Utakuta sindano moja yenye kinga sita: ni Penta yetu na polio ya sindano ndani yake. Usiiandike "Penta na OPV". Orodhesha magonjwa yote sita kwa Kiswahili, taja kwamba polio yake ni ya sindano, na mzazi aende kliniki mapema aulizie BCG. Wanaotoka Zambia kupitia Tunduma hawana shida kubwa hivyo, ratiba yao ya mwaka wa kwanza inakaribiana sana na yetu na nesi wetu huisoma kadi yao moja kwa moja.

Kadi ya njano ya kimataifa ya homa ya manjano ni kitu tofauti. Haitafsiriwi, tayari imechapwa kwa lugha za kimataifa, na hukaa ndani ya pasipoti.

Yule mama nilimpa nakala mbili za tafsiri mpya. Kadi yenyewe nikamwambia asiiweke kwenye begi litakaloingia chini ya ndege, bali mkobani, pamoja na nakala moja. Mtoto akianza kuchanjwa kule, aombe rekodi iliyochapwa kila baada ya sindano na kuihifadhi kwenye mfuko ule ule wa kadi ya Mbeya, maana masomo ya baba yake ni ya miaka minne, na siku watakayorudi kutakuwa na kadi nyingine ya kutafsiri.